Shangazi Anajibu: Kazi Imekwisha, Maneno Yamegoma

Wiki hii barua zenu zimekuja na picha. Nimeona kofia, vitambaa vya makochi, mbuzi wa nazi, mkeka, na kikapu kimoja ninachokitilia shaka, ambacho nitakifikia mwishoni. Nilidhani mtaniuliza habari za uzi na sindano. Kumbe kazi mlishaimaliza salama, na kinachowanyima usingizi ni yale maneno machache ya kuweka chini ya picha, ambayo vijana wanayaita kepsheni. Mtu amekaa na sindano miezi minne hakushindwa, sentensi moja imemtoa jasho. Haya, tuanze na huyo huyo.

*Shangazi, shikamoo. Nimemshonea babu yangu kofia ya mkono, avae Sikukuu ya Idi. Nimeishona miezi minne, usiku kwa usiku baada ya kazi. Nataka kuiweka picha yake mtandaoni, lakini kila ninachoandika naona najisifu, na nikipunguza naona sijasema kitu. Nimejaribu mara tatu, nakutumia zote pamoja na picha. Nisaidie.*
*Mjukuu wa Kikwajuni, Unguja*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na picha, kwa sababu maneno hayafufui picha iliyokufa, na yako ilikuwa inakata roho. Umeweka kofia nyeupe juu ya kitambaa cheupe cha meza, usiku, chini ya taa ya darini. Mimi nimeona sahani. Vile vitundu ulivyovishona kimoja kimoja huonekana kwa kivuli chao, na taa ikipiga kutoka juu kivuli kinafutika. Ipeleke kofia karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje kwa ubavu, chini yake utandike kitu cha rangi nzito. Tena usiilaze imelegea kama imevuliwa kwa ugomvi. Ivishe kwenye faroma, kile kinu cha mbao wanachotandikia kofia ikifuliwa. Kama nyumbani hakuna faroma, pindua bakuli linalokaribia ukubwa wa kichwa.

Sasa maneno. La kwanza uliandika hivi: "Kofia ya mkono, kitambaa cha pamba, uzi mweupe, miezi minne ya kazi." Hapo hujamwandikia babu, umeandika lebo ya dukani. Ukiweka hilo, komenti ya kwanza itakuwa "bei gani?", ya pili "unatuma Dar?", na babu yako atakuwa amegeuka kichwa cha kuonyeshea bidhaa. Hata hivyo usimkasirikie anayeuliza bei, umemkaribisha mwenyewe. Mjibu tu: "Hii ina mwenyewe."

La pili uliandika "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Methali ni nzuri, haina kosa lolote, na ndilo kosa lake. Inafaa kwa kofia, kwa mchango wa harusi, kwa kilo mbili za sukari na kwa mtu aliyechangia damu. Anayeisoma hajui kama umetoa kofia au ng'ombe.

La tatu lilikuwa refu kuliko uzi ulioutumia. "Babu yangu, shujaa wangu, nguzo yangu, taa yangu…" Nilihesabu sifa tisa kabla sijafika kwenye kofia. Sina ugomvi na mapenzi yako kwa babu. Tatizo ni kwamba simu huonyesha mstari mmoja au miwili ya mwanzo, mengine yote inayaficha mpaka mtu aguse sehemu ya kusoma zaidi, na wengi hawagusi. Kwa hiyo watu wataona babu ni nguzo, wataona sahani nyeupe, watapita.

Nikakupigia simu, unakumbuka? Nilikuuliza swali moja tu: ni jambo gani kuhusu kofia hii ambalo picha haiwezi kulionyesha? Ukaanza na miezi minne. Nikakwambia hiyo ni hesabu yako wewe, endelea. Ukasema kipimo hukukichukua kichwani kwa babu, maana angeshtukia. Ulisubiri alale baada ya Adhuhuri, ukaichukua kofia yake ya zamani msumarini, ukaizungushia uzi kwa ndani, ukaukata uzi, ukairudisha kofia kabla hajaamka. Kisha, kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama, ukasema upande wa nyuma kuna vitundu vitatu vilivyopishana, kwa sababu usiku ule umeme ulikatika na wewe ukang'ang'ania kumaliza kwa mwanga wa simu. Kuvifumua uliogopa, kitambaa kikishatobolewa hakirudi kuwa kizima.

Mwanangu, kepsheni yako ndiyo hiyo, ulikuwa nayo mfukoni. Tumeikata pamoja ikawa hivi:

"Babu, kipimo nilikiiba ukiwa umelala. Vile vitundu vitatu vya nyuma vilivyopishana ni usiku umeme ulipokatika. Idi njema."

Itazame inavyofanya kazi. Neno la kwanza ni Babu, kwa hiyo kila msomaji anajua mara moja kwamba haongeleshwi yeye. Amepita tu barazani akasikia mjukuu anazungumza na babu yake. Hujasema umefanya kazi usiku, lakini umeme uliokatika umesema. Hujasema unampenda, lakini mtu hanyemelei kofia ya mzee aliyelala kwa sababu ya chuki. Na ile kasoro umeitaja kwa mahali pake na sababu yake, basi, hukuomba radhi. Hapo ndipo unyenyekevu ulipo. Ungesema "kazi yangu mbovu mnisamehe", watu wangelazimika kukubembeleza. Ukisema "vitundu vitatu vya nyuma", wanageuza picha kutafuta nyuma iko wapi.

Jambo moja la mwisho: picha isiitangulie zawadi. Babu hana simu ya kisasa, najua, lakini jirani yake anayo na mdomo anao. Kofia ikae kichwani kwanza, picha ifuate jioni.

*Shikamoo Shangazi. Nimemfumia mama mkwe vitambaa vya makochi, seti nzima, ndiyo mara ya kwanza namfanyia kitu kwa mikono yangu. Nimeandika: "Samahani mama kwa kazi hii ya kitoto, najua si hadhi yako, vitambaa vyenyewe havijanyooka, mimi bado najifunza, naomba upokee hivyo hivyo na unisamehe kwa mapungufu yote." Mume wangu anasema nisiweke. Je, si adabu?*
*Mkwe Mpya, Morogoro*

Marahaba. Mumeo leo amepatia, mwambie asizoee.

Nimehesabu samahani mbili, mapungufu yasiyo na idadi, na mama mkwe mmoja aliyewekwa mahali pabaya. Fikiria na yeye. Vitambaa amevipokea, ameshavitandika, jirani kaja kavisifia. Halafu anafungua simu anakuta umetangaza kwamba amepewa kitu kisicho hadhi yake. Sasa akifurahi ataonekana hajui kizuri. Asipofurahi ataonekana ana roho mbaya. Ukijidhalilisha mbele ya watu, aliyepokea naye unamshusha, maana zawadi sasa ni yake na wewe unaisema vibaya. Unyenyekevu wa kupitiliza una tabia nyingine pia, unadai. Kila aliyesoma sharti aandike "jamani mbona vizuri tu", na wewe unahesabu walioandika.

Nimevitazama hivyo vitambaa. Vya kochi la watu watatu vimekaa vizuri. Kimoja cha duara, kile cha kiti cha pembeni, kimeinuka kingo zake pande zote kama bakuli. Najua kilichotokea kwa sababu mimi pia kilinitokea. Kitambaa cha duara unachofuma kwa sindano ya kulabu kinaanzia katikati, na kila ukizunguka mzingo mmoja lazima uongeze vifundo, kwa sababu duara linazidi kupanuka. Kwa kile kifundo kifupi, wengi huongeza sita kila mzingo: unaanza na sita, unakwenda kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne. Ukisahau kuongeza, ukingo unabana na kitambaa kinainuka kuwa bakuli. Ukizidisha, ukingo unapata nafasi kuliko unavyohitaji, unajikunja mawimbi kama pindo la gauni. Wewe ulisahau kuongeza, na kwa kutazama picha nadhani ulisahau mizingo miwili mitatu mfululizo, pengine ulikuwa unatazama tamthilia.

Dawa ni kufumua mpaka pale palipoanza kubana, uzi wa kufuma haulalamiki kama kitambaa. Lakini ukisikia ushauri wangu, usikifumue. Kiache, na uandike:

"Mama, vitano vya kochi. Cha sita kimeamua kuwa bakuli, kiwekee karanga."

Hapo kuna adabu kuliko samahani zote, kwa sababu umempa mama mkwe nafasi ya kucheka na wewe. Akiweka karanga kweli, umeingia ukoo. Akikirudisha umalizie, umeingia ukoo vilevile, kwa mlango wa nyuma.

*Shangazi, habari. Mimi ni fundi seremala. Nilimtengenezea mke wangu mbuzi wa kukunia nazi kwa mti mzuri, nikaunyoosha msasa mpaka ukateleza. Nikaweka picha na kuandika "Kwa mke wangu kipenzi, ukune nazi kwa raha." Tangu siku hiyo yuko kwa mama yake. Nilikosea wapi?*
*Fundi Pekee Nyumbani, Tanga*

Nzuri, fundi. Pole na mihogo ya kukaanga, maana naona wali wa nazi huupati.

Zawadi nyingine ni kazi iliyofungwa utepe. Mbuzi, kinu, ungo, ndoo nzuri ya kufulia: vyote hivi unampa mtu pamoja na zamu. Mikono yako ilitengeneza, lakini kepsheni yako ikataja mikono yake inayokwenda kutumika, tena mbele ya mashoga zake wote. Wewe uliona ule mti mlaini, yeye alisoma ratiba ya jikoni.

Mbuzi mwenyewe nimempenda, nisikufiche. Miguu inakunjika bila kubana, na ulimi wa chuma umeufunga kwa skrubu, hukupigilia msumari, kwa hiyo meno yakichakaa utaweza kuufungua uutie tupa. Hilo ndilo la upendo, kwa kuwa aliyewahi kukunia nazi mbuzi butu anajua mkono unavyoota moto kabla kifuu hakijafika nusu. Lakini hilo picha yako haikulionyesha, ulipiga mti mng'avu tu.

Piga nyingine. Safari hii ukae wewe juu ya mbuzi, kifuu mkononi, sinia chini lina nazi iliyokwisha kunwa. Usikae kwa ajili ya picha tu, kuna nazi tatu. Zikune zote, uzichuje. Andika: "Mbuzi mpya. Aliyemzindua ni mimi. Tui lipo, njoo nyumbani." Kisha zima simu, uende kwa mama mkwe wako ukiwa na sufuria.

*Shangazi, shikamoo. Nilimsukia rafiki yangu mkeka wa ukili, zawadi ya arusi. Nikaandika kwenye picha: "Wenye mikono husuka, wenye midomo husema." Wifi yangu hazungumzi na mimi sasa wiki ya tatu. Mimi nilikuwa namsifia rafiki yangu tu!*
*Msuka Mkeka, Pemba*

Marahaba, mwongo wangu mpenzi.

Rafiki yako yuko wapi kwenye maneno hayo? Nimemtafuta simwoni. Namwona wifi yako, tena amekaa katikati.

Sisi watu wa pwani tulianza kuandika maneno kwenye zawadi kabla hakujakuwa na simu, na wewe unalijua hilo kuliko unavyojifanya. Kanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina, maneno machache yaliyofungiwa kwenye kisanduku chake. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, leo ni herufi kubwa za Kirumi, lakini kazi yake haijabadilika: humsemea aliyetoa, au aliyevaa, bila yeye kufungua mdomo. Ndiyo maana mtu anayenunua kanga ya zawadi husoma jina kwanza, rangi baadaye. Kanga yenye mapenzi unampa mama. Kanga yenye kijembe unaivaa mwenyewe, unapita nayo mbele ya mlango unaohusika, taratibu, kama unatafuta kuku.

Wewe ulichofanya ni kumtandikia rafiki mkeka na kumvalia wifi kanga, vyote kwa picha moja. Ndiyo maana umeharibu vyote viwili.

Nikupe kipimo. Ukishaandika, jiulize: nikiondoa jina la niliyempa, je, kuna mtu mwingine atakayeshtuka? Kama yupo, hilo ni fumbo, na fumbo halina unyenyekevu hata likivaa kilemba. Kepsheni ya zawadi iwe na mlango mmoja tu, anaoingia mwenye zawadi.

Na kama ulitaka watu wajue umesuka wewe, nalo si dhambi, tazama wenye leso wanavyofanya. Chukua ile ya Mali ya Abdulla, leso za nyumba ya Mombasa iliyoanza biashara mwaka 1887. Jina liko katikati kwa herufi kubwa, la kila mtu kusoma. Alama ya mwenye mali iko pembeni, kwa herufi ndogo, anayetaka ataiona. Basi na wewe weka rafiki yako kwa herufi kubwa, ujiweke pembeni.

Mkeka wako una la kusema, mbona. Umeniambia ukindu ule uliuanika wiki ile ya mvua, ukawa unauanua na kuuanika kama nguo za mtoto. Umeniambia rangi ya zambarau uliichemshia mara mbili, na mafungu mawili hayakufanana, kwa hiyo ukitazama vizuri utaona kili za upande mmoja zimekoza na za upande wa pili zimepauka, na katikati kuna mshono zinapokutana. Mimi ningeandika: "Shoga, upande uliokoza lala wewe, uliopauka mpe bwana." Bi arusi atacheka. Wifi yako hatajikuta humo. Kisha mpelekee wifi chai, ukae naye, umwombe radhi kwa mdomo. Hilo usilipige picha.

*Shangazi, swali fupi. Nilinunua kikapu sokoni nikampa dada yangu, nikaandika "Nimesuka kwa mikono yangu." Sasa watu watano wanataka niwafundishe, na dada ameniomba kingine cha kufanana nacho kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nifanye nini?*
*Mikono Yangu, Dar es Salaam*

Hukuamkia, kwa hiyo najua una haraka. Ukindu unauzwa kwa mafungu. Uloweke maji kidogo usivunjike, anza na ukili mwembamba wa nyuzi chache, na vidole vitakuuma mpaka siku ya nne. Kitakachotoka mwisho wa mwezi hakitafanana na cha kwanza hata kidogo. Mpe hivyo hivyo, piga picha vikapu vyote viwili pamoja, na uandike: "Dada, cha kushoto nilinunua."